Jinsi ya Kuuza Saa Iliyotumika Bila Kudanganya: Mwongozo kwa Wenye Roho Ngumu

Kabla hujaanza, fikiri tena. Tangazo la uongo lina raha zake, na kuliacha si kazi ndogo. Linaandikwa kwa dakika mbili, halihitaji tochi wala kioo cha kukuzia, na maneno yake yako tayari kwenye kila kundi la Wasapu la kuuziana vitu: kama mpya, orijino, haina tatizo lolote, ilikuwa ya daktari, nauza kwa sababu nasafiri. Nchi hii, inaonekana, ina madaktari wengi wanaoondoka kila wiki na kuacha saa zao nyuma. Tangazo la kweli, kwa upande wake, litakula siku zako kadhaa, na ukilimaliza utakuwa umeweka hadharani mambo ambayo hata mkeo alikuwa hajayajua.

Bado upo? Basi tuchukue saa moja tuhangaike nayo. Tuchukue Seiko 5, ile ya chuma isiyotumia betri, inayojijaza yenyewe mkono unapotikisika. Nyingi za aina hii zimefika pwani yetu kwenye mifuko ya wajomba waliorudi kutoka Dubai na Maskati, na ndiyo maana kwenye kidirisha cha siku utakuta Kiingereza na Kiarabu vikipokezana. Jina hilo lipo tangu 1963. Hiyo 5 ilihesabu sifa tano zilizoahidiwa mnunuzi: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye kidirisha kimoja, kuhimili maji, kifundo cha kurekebishia majira kilichofichwa pale penye saa kumi, na kasha na mkanda wa kudumu. Tuseme yako ina mashine ya 7S26, ambayo Seiko walianza kuitumia mwaka 1996 na ambayo imo ndani ya saa nyingi kuliko tunavyoweza kuzidanganyia.

Anza kwa kuigeuza. Muuzaji wa kawaida hupiga picha ya uso tu, tena akiwa ameiweka juu ya usukani wa gari ambalo si lake. Wewe piga mgongo. Hapo nyuma kuna namba inayoanza na 7S26, ambayo ndiyo jina la mashine, na pembeni kuna namba nyingine ya tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka iliyotengenezwa, ya pili ni mwezi. Ikianza na 87, ni Julai ya mwaka unaoishia na 8. Sasa hapa ukweli unaanza kuuma, maana 8 inaweza kuwa 1998, 2008 au 2018, na namba haisemi ipi. Mwongo atachagua 2018 bila kupepesa macho. Wewe utaandika kwamba hujui, isipokuwa kama una risiti. Tuseme unayo: risiti ya duka la Deira, ya mwaka 2009. Basi ni ya Julai 2008, na umejinyima mwenyewe miaka kumi ya ujana wa saa.

Ukiwa bado umeigeuza, hakikisha kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani. Mafundi wengi wanaona ni nafuu kutoa mashine nzima ya 7S26 iliyochoka na kuweka nyingine inayoitwa NH36, ambayo nayo imetengenezwa na Seiko lakini ni ya kizazi cha baadaye. Kutambua ni rahisi, huhitaji kufungua kitu. Vuta kifundo hadi mwisho kama unayetaka kurekebisha majira. Mshale wa sekunde ukisimama, hiyo si 7S26, kwa sababu 7S26 haijawahi kusimamisha sekunde kwa ajili ya mtu yeyote. Kisha kirudishe ndani ukizungushe. Ukisikia inajaza, pia si yenyewe, kwani 7S26 haijazwi kwa kifundo. Inajazwa kwa kuvaliwa tu. Kubadilishwa mashine si dhambi, na wapo watakaoipenda zaidi hivyo. Dhambi ni kunyamaza.

Chunguza pia uso. Kuna Seiko 5 kuukuu nyingi kutoka India ambazo uso wake umepakwa rangi upya, machungwa au bluu ya kuwaka ambayo kiwandani haikuwahi kutoka, maandishi yakiwa mazito na yamepinda kidogo. Kama yako ni mojawapo, sema hivyo. Usiiite ya zamani adimu. Adimu ni kwa sababu aliyeipaka hakurudia.

Sasa vipimo, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema huachia njiani. Muuzaji akikuambia saa yake “haikosei hata sekunde moja”, anakuuzia simu. Saa ya mashine ya aina hii, kwa kiwango cha kiwanda chenyewe, inaruhusiwa kubaki nyuma sekunde 20 au kwenda mbele sekunde 40 kwa siku. Hivyo swali si kama inakosea. Swali ni inakosea kiasi gani, na kama inakosea kwa namna ileile kila siku.

Huwezi kuilinganisha na simu kwa sekunde, kwa kuwa mshale hausimami. Usijisumbue. Ikifika saa 2:00 kamili usiku kwenye simu, tazama mshale wa sekunde uko wapi na uandike kwenye daftari. Tuseme uko mbele sekunde 12. Ivae kama kawaida, kesho usiku saa 2:00 tazama tena. Sasa uko mbele sekunde 40. Tofauti ni 28, na hiyo 28 ndiyo habari. Ile 12 ya mwanzo haina maana yoyote. Rudia siku tano. Ukipata 28, 26, 31, 27, 28, una saa nzuri inayokimbia kidogo, na unaweza kuandika kwa kifua mbele: inakwenda mbele sekunde 28 kwa siku, kama dakika 14 kwa mwezi. Ukipata 28, kisha 5, kisha kubaki nyuma 40, hapo mashine ni chafu au mafuta yamekauka, na hakuna sentensi tamu itakayoiponya.

Ikienda mbele dakika kadhaa kwa siku, usikimbilie kuishusha bei. Mara nyingi imeshikwa na sumaku, labda ya spika au ya kufuli la mkoba. Isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza inapopita juu ya saa, umepata mchawi. Fundi ana kifaa kidogo cha kuitoa sumaku, kazi ya dakika chache. Itoe, anza siku tano zako upya, na uuze kwa matokeo mapya.

Kipimo cha pili ni cha wavivu. Ivae siku nzima ukiwa unatembea, ivue usiku, iweke mezani na usiiguse. Mashine hii ikiwa na afya hukaa takriban saa 40 kabla ya kusimama. Yako ikisimama baada ya 33, andika 33. Ikisimama baada ya 15, kamani imechoka au ndani kumekauka, au wewe ni mtu wa kukaa ofisini na mkono wako haujazi kitu. Mpe kijana anayecheza mpira aivae siku moja, upime tena kabla hujaihukumu.

Maji sasa. Nyuma ya saa pameandikwa kwamba inahimili maji, na maandishi hayo yalikuwa ya kweli siku ilipotoka kiwandani. Tangu hapo imefunguliwa, imefungwa, imekaa na jasho la Dar es Salaam, na raba ya kuzuia maji iliyo chini ya kifuniko huenda ndiyo ileile ya 2008. Fanya hivi: ivae hadi ipate joto la mkono, kisha dondoshea tone la maji baridi katikati ya kioo. Ukungu ukijitokeza ndani ya kioo, chini ya lile tone, na kukaa, kuna unyevu humo. Andika “kuna unyevu”, na upeleke kwa fundi kabla kutu haijaanza kula mishale. Usipoona ukungu, bado usiandike “haiingii maji”. Kilichothibitika ni kwamba leo hakuna unyevu ndani. Andika hivyo, na ongeza kwamba asiogelee nayo.

Kasoro za macho ndizo rahisi na ndizo zinazoonewa haya zaidi. Piga picha dirishani, asubuhi, bila mwanga wa simu, maana mwanga wa simu unaficha mikwaruzo mbele na kuizidisha pembeni. Kioo kina mkwaruzo mmoja kutoka saa mbili hadi katikati; weka ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, andika “ukucha unakwama”. Mnunuzi ataelewa kuliko ukimwambia ni mkubwa au mdogo. Usisikilize jirani atakayekushauri kuusugua kwa dawa ya meno. Dawa ya meno husaidia kioo cha plastiki, na hiki si cha plastiki, kwa hiyo utakachopata ni mkwaruzo uleule wenye harufu ya mnanaa. Kasha lina alama za kugongwa, lakini pembe zake bado ni kali pale mkanda unaposhika. Hilo litaje. Pembe kali maana yake hakuna fundi aliyeipitishia msasa ili ing’ae, na wanaojua wanapendelea makovu halali kuliko uso ulionyolewa. Cheni imelegea, na pini moja ya kufuli si ya kwake.

Zipo pia kasoro ambazo si kasoro, na usipozieleza utapigiwa simu usiku wa manane. Usiku, siku inapobadilika, kidirisha hupitia Kiarabu kwanza kabla ya kutua kwenye Kiingereza karibu na alfajiri. Mnunuzi atakayeamka saa nane usiku atadhani umemuuzia saa ya mtu mwingine. Mweleze pia asirekebishe tarehe kuanzia saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri, kwa kuwa wakati huo meno ya gurudumu la tarehe yameshikana, na kuyalazimisha ndiko kunakozaa tarehe zinazosimama nusu dirishani. Kama yako tayari inasimama nusu dirishani, basi kuna mtu alishayalazimisha, na tangazo ndilo mahali pa kulisema, jina la mkosaji si lazima.

Tumefika kwenye sevisi, neno linalotumika vibaya kuliko yote katika biashara hii. “Imefanyiwa sevisi” kwa maana ya sokoni ni kwamba ilifunguliwa, ikapulizwa kwa mdomo, ikafungwa. Sevisi yenyewe ni mashine kuvuliwa kipande kwa kipande, kuoshwa, kutiwa mafuta ya saa kila mahali panapostahili, kuunganishwa, kurekebishwa mwendo na kuwekewa raba mpya. Kwa hiyo usiandike neno hilo peke yake. Andika lini, na nini hasa kilifanyika. “2016, fundi alibadilisha kioo. Mashine haikuguswa. Sijawahi kuifanyia sevisi kamili tangu 2009.” Inatisha kuisoma, najua. Lakini inamwambia mnunuzi kitu anachoweza kukitia bei, wakati “ipo vizuri kabisa” haimwambii chochote. Kama huna karatasi ya fundi, usimpandishe cheo kwa kumwita mtaalamu aliyesomea Japani. Sema alikuwa na meza, kioo cha jicho na mkono mwepesi, kama ndivyo alivyokuwa.

Bei. Hapa waungwana wengi huharibu kila walichojenga, kwa sababu wanaanza na kile walicholipa, wanaongeza mapenzi ya marehemu baba, wanaongeza ada ya shule inayodaiwa Jumatatu, halafu wanaandika “maelewano yapo”. Mnunuzi halipi ada yako, na kama saa ni ya marehemu baba, labda hukupaswa kuiuza. Anza upande wa pili: saa kama hii, ya umri huu, ikiwa safi na imefanyiwa sevisi kamili, watu wanailipa kiasi gani kweli? Si wanaiombea kiasi gani. Matangazo yenye bei za kuota hukaa mwaka mzima bila kuuzwa, na ndiyo maana unayaona kila siku. Wala usiilinganishe na Seiko 5 mpya ya dukani. Zile zilizoanza kutoka 2019 zina mashine nyingine, 4R36, inayojazwa kwa kifundo na kusimamisha sekunde. Hiyo ni saa nyingine yenye bei nyingine.

Tuseme umeuliza wauzaji watatu waliokwisha kuuza, ukapata kwamba iliyo safi inakwenda kwa shilingi 220,000. Toa sevisi ambayo mnunuzi atalazimika kuilipa. Usiikadirie kichwani, muulize fundi. Tuseme amesema 70,000. Toa kioo kipya na kazi yake, 25,000. Toa pini na kukazwa kwa cheni, 10,000. Imebaki 115,000. Hiyo ndiyo bei, na kila shilingi iliyoondoka ina jina lake. Kama moyo umekuuma, una njia moja ya halali ya kuipandisha: lipa wewe hiyo sevisi, pata karatasi, uza kwa 185,000. Utagundua haraka kwamba umefanya kazi yote hiyo ili kurudi palepale, na kwa mashine hii ndiyo hali halisi. Sevisi yake inakaribia theluthi ya thamani ya saa nzima, kwa hiyo wengi huiuza ilivyo, wakasema kweli.

Sasa kusanya yote. Tangazo litatoka hivi:

“Nauza Seiko 5, mashine 7S26, ya kiwandani, haijabadilishwa. Ilitengenezwa Julai 2008, nina risiti ya Dubai ya 2009. Inakwenda mbele sekunde 28 kwa siku, nimepima siku tano mfululizo. Ikiwekwa mezani inasimama baada ya saa 33. Kioo kina mkwaruzo mmoja, ukucha unakwama, picha ya tatu. Kasha lina alama za kugongwa, halijapigwa msasa. Cheni imelegea, pini moja si ya kwake. Hakuna unyevu ndani kwa sasa, lakini raba ni za zamani, usiogelee nayo. Kioo kilibadilishwa 2016. Mashine haijawahi kufanyiwa sevisi, na inaihitaji. Haijazwi kwa kifundo wala sekunde hazisimami, ndivyo zilivyo zote. Iliyo safi inauzwa 220,000. Nimetoa 70,000 ya sevisi, 25,000 ya kioo, 10,000 ya cheni. Bei 115,000. Nauza kwa kuwa nimenunua nyingine. Njoo na fundi wako.”

Litume, halafu ujiandae. Saa moja ya kwanza itapita kimya, watu wakitafuta mtego uko wapi. Wa kwanza atauliza, “Mkuu, ina shida gani nyingine ambayo hujasema?” Usikasirike, amezoea matangazo ya madaktari. Wa pili hatakuwa amesoma hata mstari mmoja, atatuma maneno mawili tu: “Mwisho ngapi?” Mrudishie 115,000. Atasema 60,000. Muulize ni kipi kati ya sevisi, kioo na cheni unachopaswa kukitoa mara ya pili, na umsubiri. Mara nyingi hajibu. Wa tatu atakuambia ameona ileile, mpya kabisa, kwa 80,000, nawe umwambie kwa upole aikimbilie kabla haijachukuliwa, na akifika avute kifundo atazame sekunde.

Wa nne atakuja. Mara nyingi ni mtu mzima, anakusalimia kwanza, anauliza kuhusu zile saa 33. Kutana naye mahali penye watu, mchana, na umwache aishike muda anaotaka. Atafanya vipimo vyako vyote upya, na vyote vitatoka kama ulivyoandika. Ataomba upunguze nauli ya bodaboda. Mpunguzie.

Akiondoka nayo, andika IMEUZWA juu ya tangazo siku hiyohiyo, na usiliache likae mwezi mzima ili kuonyesha kwamba una wateja.